Skrini Inasema "Paid", Benki Hakuna Kitu: Malalamiko Yaandikwe Hivi

Dada mmoja anayefanya kazi za ndani Maskati alituandikia saa tano usiku, bosi wake ameshalala. Ijumaa akipata mapumziko hurekodi video za mapishi, na video zake za Agosti 2025 zilikuwa zimemwingizia dola 214.60. Kwake hiyo ni kama rial 82, na alikuwa ameshaahidi nyumbani Tanga kwamba itakwenda kwenye ada ya mtoto. Ukurasa wake wa malipo uliandika "Paid". Benki, hakuna kitu.

Alikuwa ameshawaandikia huduma kwa wateja wa mtandao ule. Alituonyesha: "Mmenila hela yangu, naomba mnilipe haraka." Akajibiwa na mashine kwamba asubiri. Hasira yake tunaielewa, lakini ujumbe ule haukuwa na kitu ambacho mtu wa upande wa pili angeweza kukitafuta. Hela ipi? Ya lini? Ilitumwa akaunti gani?

Isitoshe, alikuwa amewahi mno. Neno "Paid" maana yake ni kwamba wao wameshatuma, si kwamba benki yako imeshapokea. Malipo yake yalitumwa Alhamisi, 25 Septemba, na waliahidi siku tano za kazi. Sasa hesabu vizuri: benki za Oman hufungwa Ijumaa na Jumamosi, wakati huko hela inakotoka wanapumzika Jumamosi na Jumapili. Siku ambazo pande zote mbili ziko kazini ni nne tu kwa wiki, Jumatatu mpaka Alhamisi. Kwa hiyo siku zake tano zilikwisha Jumatatu, 6 Oktoba. Yeye aliandika tarehe 28 Septemba, kabla hata ya siku moja ya pamoja kupita!

Tukamwambia avute subira, na huku akusanye ushahidi. Skrinshoti ya kwanza ni ya ukurasa wa malipo wenye tarehe, kiasi na namba ya malipo. Asiikate pembeni, maana picha iliyokatwa haionyeshi ni akaunti ya nani. Ya pili ni ya mahali alipoandika jina na akaunti ya benki. Ya tatu ni stetimenti ya benki kuanzia 25 Septemba mpaka 7 Oktoba, siku zote, ili ionekane kweli hela haikuingia. Namba ya akaunti aifiche, abakize tarakimu nne za mwisho. Nywila na namba za siri zinazokuja kwa meseji hazihusiki hapa hata kidogo. Anayekuomba hizo ni mwizi, hata kama amejiita huduma kwa wateja.

Tarehe 8 Oktoba akatuma huu:

"Naulizia malipo moja ambayo hayajafika. Kiasi: dola za Marekani 214.60, mapato ya Agosti 2025. Ukurasa wenu unaonyesha yalitumwa 25 Septemba 2025. Namba ya malipo iko kwenye picha ya 1. Akaunti yangu inaishia 4471 (picha ya 2). Mpaka 7 Oktoba hayajaingia (picha ya 3). Naomba mnipe namba ya kumbukumbu ya uhamisho ili benki yangu iitafute, au mniambie kama hela imerudishwa kwenu."

Mwezi ameuandika kwa jina, kwa sababu 8/10 kwa Mmarekani ni Agosti 10. Na mwishoni ameomba jambo moja ambalo mtu anaweza kulifanya siku hiyohiyo. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo mwenzake aliyesoma akamtafsiria.

Siku mbili baadaye alijibiwa na mtu, akapewa namba ya uhamisho. Benki iliiona hela mara moja: ilikuwa imezuiwa. Kwenye ukurasa wa malipo aliandika jina la chaneli yake, Mama Chapati, wakati akaunti ya benki ina jina la pasipoti. Picha ya 2 ilikuwa inaonyesha kosa hilo tangu mwanzo, na sisi pia, tukiri, hatukuliona. Ndiyo maana hatushauri mtu kupokelea kwenye akaunti ya rafiki au ya bosi. Majina yakipishana, hela inagoma.

Hela ikarudishwa, akarekebisha jina, ikatumwa upya mwisho wa Oktoba. Iliingia dola 199.60, kwa kuwa benki ya katikati ilikata 15. Ada ilikuwa imeshalipwa kwa hela ya mchezo aliyobadilishana zamu na mwenzake, na zamu hiyo anairudisha mwezi huu.