Herufi Kapuni

Chukua neno aabb, likate herufi moja moja, uzitie kapuni na kuzitikisa. Mpangilio umepotea, kilichobaki ni hesabu: a mbili, b mbili. Neno abab nalo litatoa kapu lilelile.

Mwaka 1961 Rohit Parikh, mwanahisabati mzaliwa wa India, alionyesha katika ripoti ya chuo cha MIT, Marekani, kwamba kapu hilo huficha tofauti kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kazi hiyo ilichapishwa tena katika jarida mwaka 1966.

Wataalamu huita “lugha” mkusanyiko wowote wa maneno yanayotii kanuni fulani. Lugha sahili hutambuliwa na mashine yenye hali chache, isiyo na mahali pa kuandika chochote. Lugha isiyotegemea muktadha inahitaji zaidi: lazima kuwe na rundo la kumbukumbu, kama sahani zilizopangwa, ya mwisho kuwekwa ndiyo ya kwanza kuondolewa. Maneno ab, aabb, aaabbb na kuendelea yanahitaji rundo, kwa sababu ukifika kwenye b lazima ukumbuke a zilikuwa ngapi. Mashine ya hali chache hukwama hapo. Lakini ab, abab, ababab haziisumbui, na makapu ya lugha hizi mbili ni yaleyale. Parikh alithibitisha kwamba kila lugha isiyotegemea muktadha ina pacha wa namna hiyo: lugha sahili yenye hesabu zilezile za herufi.

Kwa nini? Tazama kanuni hizi:

```
S → aSa
S → bSb
S → c
```

Zinazalisha maneno yenye c katikati, yanayosomeka vilevile kutoka pande zote mbili, kama abcba. Chora neno kama mti na utaona S ikijirudia kwenye tawi lilelile. Sehemu iliyo kati ya S mbili ni kama pingili ya muwa: unaweza kuichomoa, au kuichomeka tena mara nyingi upendavyo, na mti ukabaki halali. Kila pingili huongeza kiasi kilekile, hapa a mbili au b mbili. Pingili za msingi zina kikomo, na vivyo hivyo miti midogo ya kuanzia. Basi kapu lolote ni mti mdogo pamoja na pingili kadhaa, na hilo mashine sahili huliweza: inatoa c moja, kisha aa mara kadhaa, kisha bb mara kadhaa.

Penye utelezi ni hapa: pingili ya alama T haiingii kwenye mti usio na T. Kwa hiyo miti hupangwa kwanza kwa makundi, kufuatana na alama zilizomo, ndipo hesabu ifanywe kwa kila kundi.

Faida inaonekana kwenye programu zinazotupa kazi kapuni ili zifanywe baadaye. Tuseme kipande cha programu ya malipo kinaandikisha kazi a, “kata pesa”, kinajiita chenyewe, kisha kinaandikisha b, “tuma risiti”. Kujiita huko kunahitaji rundo. Lakini ikiwa kipande humalizika kabla kazi yoyote haijachukuliwa, na kazi huchukuliwa bila kufuata foleni, mpangilio wa kuandikisha hauna maana tena. Mkaguzi anakiondoa na kuweka pacha wake, kitanzi cha ab, kisha anauliza: je, risiti zinaweza kuzidi makato? Haziwezi. Lakini akitaka kujua kama risiti iliandikishwa baada ya makato yote, pacha atamdanganya: kitanzi kinatoa abab, jambo ambalo programu yenyewe haifanyi kamwe.

Pacha pia anaweza kuwa jitu. Weka alama 30, kila moja ikizalisha mbili za inayofuata, na ya mwisho ikitoa a moja. Neno pekee linalotoka lina a 536,870,912, na mashine ya hali chache italazimika kuzihesabu kwa hali zaidi ya nusu bilioni. Ndiyo maana mara nyingi mtu haijengi mashine, anaandika milinganyo. Kwa mfano wetu wa c, kanuni ya kwanza ikitumika mara x na ya pili mara y, a ni 2x, b ni 2y, c ni 1. Mwaka 2005 Verma, Seidl na Schwentick walionyesha njia ya kuandika fomula kama hiyo ambayo ukubwa wake hukua sambamba tu na wa kanuni zenyewe.

Matumizi ninayoyapenda zaidi ni ya kukanusha. Je, maneno ya a tupu ambayo idadi yake ni namba tasa yanaweza kuwa lugha isiyotegemea muktadha? Yangekuwa hivyo, kungekuwa na neno la urefu p, namba tasa, na pingili ya urefu d inayoongezeka mara yoyote. Iongeze mara p: urefu unakuwa p + pd, yaani p(1 + d), nayo inagawanyika kwa p.