Mshumaa wa Hisa Mia Tatu

Jumamosi mchana, zamu ya asubuhi ikishatoka, Barabara ya Addis Ababa hufurika watu wanaoelekea Mukuru na South B kwa miguu. Hapo ndipo mimi hukutana na chama kimoja cha wafanyakazi wa viwandani wanaoweka akiba kwenye hisa. Wiki mbili zilizopita kijana mmoja, fundi wa mashine, alinifikia na simu mkononi kabla sijaketi. Alikuwa amechora mstari mwekundu chini ya chati ya hisa moja ya bei ndogo, hisa ambayo imekuwa ikichezea karibu na shilingi moja.

"Mwalimu, tazama. Imegusa hapa mara nne na mara zote imepanda. Hii ni sapoti. Na jana imetoa nyundo. Ninunue?"

Jambo alilouliza linahitaji jibu refu kuliko ndiyo au la, kwa sababu chati aliyoishika ilikuwa imechorwa sawasawa, na majina aliyotumia yalikuwa sahihi. Tatizo lilikuwa kwingine.

Mshumaa mmoja ni bei nne za siku moja: bei ya kufungua, bei ya juu kabisa, bei ya chini kabisa na bei ya kufunga. Kutoka kufungua hadi kufunga huchorwa mwili mnene. Siku ikifunga juu ya ilipofungulia, mwili huwa kijani; ikifunga chini, huwa mwekundu. Kule bei ilikofika kisha ikarudi huchorwa utambi mwembamba, wa juu au wa chini. Uchoraji huu ulitoka kwa wafanyabiashara wa mchele wa Japani, na jina linalotajwa zaidi ni la Munehisa Homma wa karne ya 18. Wengi wetu nje ya Japani tuliujua baada ya Steve Nison kuchapisha kitabu chake mwaka 1991.

Nyundo ni mshumaa wenye mwili mfupi juu na utambi mrefu chini. Inasimulia hivi: wauzaji waliisukuma bei chini mchana, wanunuzi wakaikataa bei hiyo, wakairudisha juu kabla ya kengele. Ndiyo maana bei ya kufunga inabeba uzito wote wa umbo hilo. Anayesoma nyundo anadai kuwa anajua nani alishinda dakika za mwisho.

Sasa tuje kwenye soko letu. Katika Soko la Hisa la Nairobi, bei ya kufunga inayotangazwa haitoki kwenye mauzo ya mwisho ya siku. Ni wastani wa bei za siku nzima, kila bei ikipewa uzito kulingana na idadi ya hisa zilizouzwa kwa bei hiyo. Jambo hili wasomaji wengi wa chati hawalijui, nalo linabadilisha maana ya kila mshumaa wanaouona.

Nilimchorea kijana mfano kwenye karatasi. Tuseme jana hisa ilifunga kwa shilingi 1.00. Leo soko linafunguliwa, hisa 100 zinauzwa kwa 1.00. Baadaye mtu anayehitaji pesa anauza 2,000 kwa 0.92, kisha 7,600 zinauzwa kwa 0.94. Karibu na saa tisa alasiri, soko linapokaribia kufungwa, mtu mmoja ananunua hisa 300 kwa 1.00.

Ukitumia mauzo ya mwisho, siku imefungua 1.00, imeshuka hadi 0.92, imefunga 1.00. Umepata utambi mrefu wa chini bila mwili wowote, umbo ambalo vitabu vinalisifu kuwa dalili ya kupanda. Ukitumia wastani wa soko, unajumlisha shilingi 9,384 zilizolipwa kwa hisa 10,000, unapata senti 94 kasoro kidogo. Siku hiyo hiyo inakuwa mshumaa mwekundu wenye mwili mnene, dalili ya kushuka.

Mauzo ni yaleyale, watu ni walewale, na picha mbili zinapingana. Kuna programu za simu zinazochora kwa bei ya mwisho na nyingine kwa wastani uliotangazwa, kwa hiyo watu wawili wa chama kimoja wanaweza kubishana juu ya mshumaa ambao kila mmoja anaona wa kwake. Tena tazama aliyeigeuza siku: ni mtu aliyetoa shilingi mia tatu. Hata kama hakuwa na nia mbaya, hisa zake 300 kati ya 10,000 zimeandika habari inayosomwa kama ushindi wa wanunuzi wote.

Kwa hisa inayouzwa kwa mamilioni kwa siku, kama Safaricom, tofauti kati ya bei ya mwisho na wastani mara nyingi ni ndogo, na mtu mmoja hawezi kuichora siku apendavyo. Umbo la mshumaa lina maana pale tu ambapo watu wengi wamelipigania. Na hata huko kwenye masoko mazito, nisingependa mtu aweke karo ya mtoto juu yake: Marshall, Young na Rose walipozijaribu mbinu za mishumaa kwa hisa kubwa za Marekani za miaka ya 1992 hadi 2002, matokeo waliyoyachapisha mwaka 2006 hayakuonyesha faida yoyote ya kuzifuata.

Mstari wa sapoti ni habari tofauti kidogo, na ninauheshimu zaidi. Dai lake ni kwamba kuna bei ambayo ikifikiwa, wanunuzi hujitokeza. Sababu yake ni ya kibinadamu kabisa. Aliyekosa kununua kwa shilingi tano anaingojea irudi tano. Watu hupenda kuweka oda kwenye namba nzima. Kwa hiyo sapoti, ikiwa ipo kweli, ni foleni ya oda za kununua zilizokaa mahali pamoja. Mwaka 2000 Carol Osler wa Benki Kuu ya Marekani tawi la New York alichunguza bei za sapoti ambazo kampuni sita zilikuwa zikiwapa wateja wao kwenye soko la fedha za kigeni. Aligundua kuwa bei iligeuka ilipofika kwenye mistari hiyo mara nyingi zaidi kuliko kwenye mistari iliyochaguliwa kwa bahati nasibu. Lakini hayo ni mageuko ya ndani ya siku moja, kwenye soko lenye wanunuzi na wauzaji kila sekunde.

Nikamwomba kijana afungue ukurasa wa oda kwenye programu ya broka wake. Mnunuzi wa juu kabisa alikuwa anatoa 0.97. Muuzaji wa chini kabisa alitaka 1.03. Tukafanya hesabu pamoja. Akinunua leo atalipa 1.03, na tukikadiria gharama za broka na soko kuwa asilimia 2, hisa itakuwa imemgharimu karibu 1.05. Akiuza atakatwa tena asilimia 2, kwa hiyo ili arudishe pesa yake tu anahitaji mnunuzi wa 1.07 na ushee. Mnunuzi aliyepo sasa yuko 0.97. Lazima bei ya wanunuzi ipande kwa zaidi ya asilimia 10 kabla hajapata hata senti moja, na kwa kawaida soko letu haliruhusu hisa kupanda au kushuka zaidi ya asilimia 10 kwa siku. Zile mara nne za kupanda alizonionyesha zilikuwa za senti tano au sita. Sapoti yake ilikuwa imefanya kazi mara nne, na hakuna hata mara moja ambayo ingemlipa.

Kuna jambo jingine ambalo chati haiwezi kulibeba, na mfano wake uko kwenye barabara hiyohiyo tuliyokuwa tumekaa. East African Cables, watengenezaji wa nyaya za umeme, waliingia kwenye soko la hisa miongo kadhaa iliyopita. Mwaka 2006, soko likiwa limepamba moto, kampuni iligawanya kila hisa moja kuwa kumi. Aliyekuwa na 100 akawa na 1,000, na bei ya kila moja ikashuka hadi karibu sehemu ya kumi. Hakuna aliyepoteza kitu. Ila kwenye chati ambayo haijarekebishwa, siku hiyo inaonekana kama poromoko linalovunja kila sapoti iliyowahi kuchorwa. Ukiona mshumaa unaoanguka namna hiyo, tafuta kwanza tangazo la kugawanya hisa au la gawio kabla hujatafuta maana nyingine.

Miaka iliyofuata bei ilishuka kwa kweli. Kila ilipotulia miezi michache, mtu angeweza kuchora sakafu chini yake, na kila sakafu ikawa dari ya sakafu iliyofuata. Nyuma yake kulikuwa na mikopo ambayo kampuni ilishindwa kuilipa. Mgogoro na benki ya Equity ulikuwa hadharani tangu 2023, magazetini na mahakamani. Juni 2025 benki iliteua wasimamizi wa kuichukua kampuni, na uuzaji wa hisa zake sokoni ukasimamishwa. Aliyekuwa ameamua kwamba atauza mara sapoti ikivunjika hakupata mshumaa wa kuvunjika. Alipata chati iliyosimama, na oda yake ya kuuza ikakosa pa kwenda. Mpango wa kutoka unategemea soko liwe wazi na mnunuzi awepo, na hayo mawili mstari hauyaahidi.

Nikamwambia kijana asiufute mstari wake. Nilimwomba afanye jambo moja ambalo ningetaka kila anayeanza alifanye: arudi kwenye ile miguso minne, na kando ya kila mmoja aandike idadi ya hisa zilizouzwa siku ile. Ile michirizi midogo iliyo chini ya chati, ambayo wengi huificha ili mishumaa ionekane vizuri, ndiyo inayosema kama kulikuwa na watu sakafuni.

Akatoa daftari ya chama, akageuza ukurasa wa nyuma, akaandika. Mguso wa kwanza, hisa 200. Wa pili, 1,100. Wa tatu, 400. Wa nne, wiki iliyotangulia, 61,000.

Alitulia kidogo. Kisha akasema, "Mara tatu za kwanza ni mtu mmoja tu, mwalimu. Au wawili."

"Na ya nne?"

"Ya nne kuna mtu alikuwa anatoka."

Hilo halikuwa lazima liwe kweli. Kila hisa iliyouzwa ilikuwa na aliyeinunua, na pengine mnunuzi huyo alijua jambo. Lakini lilikuwa swali zuri kuliko lile alilokuja nalo, na jibu lake halikuwa kwenye simu. Tukahesabu tarehe, tukaanza kutafuta matangazo ambayo kampuni ilitoa mwezi ule na taarifa yake ya mwisho ya hesabu, tukianza na ukurasa wa madeni.