Meseji Tisa, Shahidi Hakuna

Asubuhi ya masika Dar es Salaam, mtangazaji akiuliza tu "Barabara za huko kwenu zikoje?", skrini inajaa kabla wimbo haujaisha. Yeye hana nafasi ya kuzisoma: hedifoni masikioni, mgeni mbele yake, tangazo la biashara linasubiri. Anayezisoma ni prodyusa, ng'ambo ya kioo.

Niliwahi kukikalia kiti hicho. Kwanza unafagia: salamu kwa mashangazi na maombi ya nyimbo pembeni. Zinazobaki unazigawa kwa mahali, Mbagala fungu lake, Jangwani lake. Faida yake ni kwamba meseji za sehemu moja zikikaa jirani, zinaanza kusutana zenyewe.

Siku hiyo fungu la Jangwani lilikuwa na meseji tisa: "Daraja la jangwani limekatika msipitee." Zote tisa zina ile "e" ya ziada. Vidole vya watu tisa haviteletzi mahali pamoja. Huo ulikuwa ujumbe mmoja unaozungushwa. Ya kumi haikuwa na kishindo: "Nipo Magomeni Mapipa kwenye daladala, trafiki anaturudisha." Ina mtu, ina mahali, ina anachokiona. Hiyo ndiyo niliyoipigia.

Ukipiga, usiulize kama daraja limekatika, maana wengi wataitikia tu. "Kaka, mbele yako unaona nini?" Akasema magari yanageuza na abiria wanashuka, darajani hakuoni kutoka alipo. Nikatafuta mwingine upande wa Fire, ng'ambo ya bonde la Msimbazi. Dada huyo alikuwa karibu zaidi: maji yamefunika lami, hakuna gari linalopita. Kukatika kwa daraja hakuna aliyekuona.

Karatasi niliyompelekea mtangazaji ilisema: "Jangwani hakupitiki, maji juu ya lami. Tumeongea na wawili, pande zote mbili, saa 1:20. Daraja usilitaje." Hata kukanusha ni kutaja. Anayesikiliza nusunusu huku anachemsha chai atabaki na neno "limekatika" tu.

Saa nayo ina mtego wake. Mtandao ukielemewa, meseji iliyoandikwa saa 12:40 inaweza kuingia saa 1:25 ikaonekana mbichi, na maji ya Msimbazi hayangoji mtu. Kwa hiyo kabla taarifa haijarudiwa, nilikuwa nawapigia tena wale wale wawili.

Lakini kuna watu ambao mpangilio huu wote hauwafikii. Aliyezingirwa na maji, simu imelowa au imeisha chaji, hatumi meseji. Asubuhi ile kilichonikosesha raha hakikuwa fungu la Jangwani. Kigogo, bondeni kule kule, fungu lake lilikuwa tupu kabisa. Nikabonyeza kitufe cha kuongea na studio, nikamwambia mtangazaji aachane na swali lililofuata, aulize: "Watu wa Kigogo, mpo?"