Ubao wa bei uliofutwafutwa: Jinsi ya kupata hesabu sahihi ya chakula

Msafirishaji aliyeko Arua hutuma gari Koboko na kuendelea hadi mpaka wa Oraba. Dereva anarudi na kudai pesa ya chakula, lakini kibanda hakitoi risiti. Kinachopatikana ni picha ya ubao wa bei iliyopigwa kwa simu. Ubao wenyewe una bei zilizokatwa kwa mstari na nyingine kuandikwa pembeni. Hapo ndipo ugomvi huanzia, na mara nyingi pesa hukatwa kwenye mshahara wa mtu asiye na kosa.

Tuchukue mfano wa gari lenye watu wanne. Dereva anasema walilipa shilingi 30,500 za Uganda. Walikula sahani mbili za enyasa na nyama, sahani mbili za posho na maharage, vikombe vitatu vya chai ya maziwa na chapati nne. Picha inaonyesha hivi:

Enyasa na nyama: 6,000 imekatwa, pembeni 7,000
Posho na maharage: 3,000 imekatwa, 4,000 imekatwa, juu yake 3,500
Chai ya maziwa: 1,000 imekatwa, pembeni 1,500
Chapati: 1,000
Samaki: jina na bei vyote vimekatwa

Mwenye gari alisoma bei zilizoandikwa kwanza, kwa kuwa ndizo kubwa na zimepangwa vizuri. Akapata 12,000, 6,000, 3,000 na 4,000, jumla 25,000. Akaona dereva amezidisha 5,500, akataka kumkata.

Kanuni ya kwanza ni kwamba bei inayotumika ni ile isiyo na mstari, hata kama imeandikwa vibaya au imebanwa kwenye kona. Isitoshe, bei mpya si lazima iwe kubwa zaidi. Kwenye posho na maharage bei ilipanda hadi 4,000, kisha ikashuka hadi 3,500. Mstari ukipita juu ya jina la chakula pia, kama kwa samaki, maana yake kwa kawaida ni kwamba kimekwisha, si kwamba bei imebadilika. Na ukikuta bei mbili ambazo hazijakatwa, usichague moja. Huenda ni nusu sahani na sahani nzima, kwa hiyo piga simu uulize.

Kwa kanuni hiyo hesabu inakuwa:

Enyasa na nyama: 2 x 7,000 = 14,000
Posho na maharage: 2 x 3,500 = 7,000
Chai: 3 x 1,500 = 4,500
Chapati: 4 x 1,000 = 4,000
Jumla: 29,500

Kwa hiyo, kati ya zile 5,500, shilingi 4,500 zilitokana na mwenye gari kusoma bei za zamani. Bado kuna 1,000 isiyoeleweka. Usikimbilie kumwita mtu mwizi, bali tafuta chakula ambacho tofauti ya bei yake, ukizidisha kwa idadi ya sahani, inatoa 1,000 kamili. Posho na maharage iko hivyo: 4,000 kutoa 3,500 ni 500, na sahani ni mbili. Yaani walitozwa ile bei ya katikati, ambayo kwenye picha imekatwa.

Sasa swali ni moja tu: picha ilipigwa lini? Katika mfano wetu ilipigwa kesho yake asubuhi, gari likirudi kutoka Oraba, wakati chakula kililiwa jana yake. Picha inathibitisha bei ya saa ilipopigwa. Haisemi kila mstari ulichorwa lini. Mwenye kibanda alipoulizwa alisema maharage aliyapunguza bei asubuhi ile. Basi 30,500 ya dereva ni sahihi, wala hakuna cha kukatwa.

Angalia vilevile kwamba saa inayoonekana kwenye WhatsApp ni ya kutumwa, si ya kupigwa picha. Ukitaka saa ya kupigwa, itazame kwenye simu iliyopiga.

Njia hii ya kutafuta tofauti ina mpaka wake. Hapa, kama chai ingekuwa vikombe viwili, kosa la bei ya chai nalo lingetoa 1,000, na hesabu peke yake isingeweza kuonyesha kosa liko wapi. Aidha, chaki ikifutika, 3 hufanana na 8, na 1 hufanana na 7. Kwa hiyo mwambie dereva apige picha kabla ya kuagiza, asimame mbele ya ubao bila kuuinamia pembeni, na aandike chini ya picha idadi ya sahani na bei aliyotajiwa. Maneno hayo machache yatamkinga yeye na wewe.