Ujumbe Uliofichwa na Ujumbe Uliofutwa

Mteja amerudi, na anadai bei ya mabango waliyokubaliana Februari. Katika ofisi ya uchapaji yenye watu 12, ambayo mazungumzo yake ya kazi hupitia Slack, mhasibu anaandika jina la mteja huyo kwenye sehemu ya kutafutia. Hapati kitu. Anaifungua chaneli ya #wateja na kupandisha mazungumzo hadi juu kabisa, anakuta yanaishia mwanzoni mwa Julai. Hapo pana tangazo: ujumbe wa kabla ya tarehe hiyo umefichwa, na anayetaka kuuona alipie.

Ofisi hii nimeibuni, lakini sheria iliyoikuta ni ya kweli, na wengi wanaoitumia Slack bila malipo huigundua siku kama hiyo, mteja akiwa amesimama mlangoni. Sehemu ya mkanganyiko inatokana na mazoea ya WhatsApp. Huko mazungumzo hukaa ndani ya simu yako. Usipoyafuta na simu isipoharibika, utayakuta hata baada ya miaka. Slack haifanyi hivyo. Mazungumzo yote yako kwenye seva za kampuni, na unachokiona kwenye kompyuta yako ni kile tu ambacho mpango wako unakuruhusu kukiona. Ndiyo maana kubadilisha kompyuta au kuingia kwa simu ya mwenzako hakusaidii: ukuta ni uleule.

Ukuta huo umewahi kuhamishwa. Kwa miaka mingi mpango wa bure ulihesabu ujumbe. Ofisi iliona ujumbe 10,000 wa mwisho, na uliotangulia ulifichwa. Tarehe 1 Septemba 2022 Slack, ambayo mwaka mmoja kabla ilikuwa imenunuliwa na Salesforce, iliacha kuhesabu ujumbe ikaanza kuhesabu siku. Tangu hapo mpango wa bure unaonyesha ujumbe na mafaili ya siku 90 zilizopita. Wasemaji walifaidika. Watu 12 wanaotuma ujumbe 40 kila mmoja kwa siku walikuwa wakiimaliza ile 10,000 kabla ya mwezi kwisha, sasa wana miezi mitatu. Walioumia ni wapole: chama cha watu wachache wanaoandikiana mara mojamoja walikuwa wakiona mambo ya miaka miwili nyuma, na ghafla wakabaki na robo mwaka.

Hata hivyo, hadi wakati huo kilichofichwa kilikuwa kimefichwa tu. Kundi lililoanza kutumia Slack mwaka 2014 lingeweza kulipia mwezi mmoja tu, na mazungumzo yake yote yangerudi tangu siku ya kwanza. Watu walilizoea jambo hilo wakaifanya Slack ghala lao. Mafaili waliyaacha humohumo, wakijua kwamba ikibidi watalipa. Kisha, kuanzia tarehe 26 Agosti 2024, kampuni ikaanza kufuta moja kwa moja ujumbe na mafaili ya makundi ya bure yaliyotimiza zaidi ya mwaka mmoja. Ufutaji huo haukuwa wa siku moja. Unaendelea, na kila siku inayopita inasukuma siku nyingine kwenye ukingo.

Hapo ndipo swali la mhasibu wetu linapata uzito. Tuseme leo ni tarehe 1 Oktoba 2025, na ofisi ilifungua Slack Machi 2024. Kuanzia tarehe 3 Julai hadi leo kila kitu kinaonekana. Kuanzia Oktoba 2024 hadi mwanzoni mwa Julai ujumbe upo, ila umefichwa. Miezi ya mwanzo, kuanzia Machi hadi Septemba 2024, imefutwa. Bei ya Februari iko katikati, kwa hiyo inaokoleka. Lakini kama mteja angekuwa anazungumzia makubaliano ya Julai 2024, kulipa kusingesaidia kitu. Mhasibu angetoa pesa, ukuta ungeondoka, na nyuma yake asingekuta ujumbe huo.

Kwa mtu anayetafuta, hali hizi mbili zinafanana kabisa. Ukitafuta kilichofichwa hupati, ukitafuta kilichofutwa hupati. Tofauti utaijua kwa kalenda tu, na kwa hiyo kabla ya kutoa kadi ya benki inafaa kujiuliza jambo lenyewe liliandikwa lini. Kama hukumbuki, angalia barua pepe, stakabadhi au tarehe ya ankara ya kipindi hicho.

Mhasibu ameridhika kwamba Februari iko salama, anataka kulipia. Hawezi kujilipia peke yake. Slack hulipiwa kwa kundi zima, kila mtumiaji na ada yake. Katika mabadiliko ya 2022 ada ya mpango wa Pro iliwekwa dola 8.75 kwa mtu kwa mwezi, au dola 7.25 kwa anayelipia mwaka mzima. Kwa watu 12 wanaolipa kwa mwezi ni dola 105. Kabla ya kulipa, msimamizi apitie orodha ya wanachama na kuzifunga akaunti za walioacha kazi, kwa sababu akaunti iliyofungwa hailipiwi na ujumbe wa mwenyewe haupotei. Na kama haja ni ujumbe mmoja wa Februari, kulipia mwaka mzima kwa ajili ya punguzo ni kununua ng'ombe kwa sababu ya kikombe cha maziwa.

Baada ya malipo, vilivyofichwa vinarudi mahali pake, kwenye chaneli zilezile na majina yaleyale, na sehemu ya kutafutia inavifikia. Ufutaji wa mwaka nao unasimama, kwa kuwa mpango wa kulipia huhifadhi kila kitu isipokuwa msimamizi aamue vingine. Watu wakiona hivyo hutulia. Wasitulie. Wakirudi kwenye mpango wa bure, ukuta wa siku 90 unarudi nao, na ujumbe uliovuka mwaka unakuwa tena wa kufutwa.

Kwa hiyo mwezi uliolipiwa ni wa kutoa vitu nje. Msimamizi anaweza kupakua nakala ya chaneli za wazi, nayo huja kama faili la ZIP lenye mafaili ya JSON ndani yake. Atakayelifungua akitarajia ukurasa wa mazungumzo atakutana na mabano na namba. Maneno yamo, ila si kitu cha kumwonyesha mteja. Picha na mikataba havimo kabisa. Nakala hiyo hubeba viungo vya mafaili tu, kwa hiyo kila mkataba unaotakiwa upakuliwe wenyewe, kwa mkono, mpango wa kulipia ukiwa bado hai. Chaneli za faragha na mazungumzo ya watu wawili pia hayamo kwenye nakala ya kawaida ya mpango wa Pro. Kama bei ya Februari ilikubaliwa kati ya meneja na mwuzaji kwa faragha, mmoja wao aingie, aitafute na kuinakili mwenyewe.

Na kabla ya hayo yote kuna suala la nani ana ufunguo. Anayeweza kulipia kundi na kupakua nakala ni mwenye kundi au msimamizi. Katika ofisi ndogo mtu huyo mara nyingi ni kijana aliyelifungua kwa barua pepe yake binafsi siku ya kwanza, na kama aliondoka bila kumkabidhi mtu, mhasibu ana simu ya kupiga kwanza.