Kolwezi: Watoto 220, mama 385? Hesabu inayowakwamisha wanafunzi wa afya

Mwanafunzi wa Kolwezi anayeandaa mpango wa utafiti wa lishe katika kituo kidogo cha afya hukuta namba 385 mapema sana. Inatoka katika fomula hii:

```
n = Z² × p × (1 − p) / d²
```

Z ni 1.96. Herufi p ni sehemu ya watoto wanaotazamiwa kuwa na hali inayotafutwa. Isipojulikana, huwekwa 0.5. Nayo d ni kosa linalokubaliwa, kwa kawaida 0.05. Jibu ni 384.16, linalopandishwa kuwa 385.

Tuseme daftari la CPS, siku ya kupima watoto, lina watoto 220 tu wa miezi 6 hadi 23. Mama 385 watatoka wapi? Kwa kundi dogo, hesabu hupunguzwa:

```
385 / (1 + 384/220) = 140.2 → 141
```

Kwa kuwa wengine watakataa au hawatakuja, 141 hugawanywa kwa 0.9, inakuwa 157. Majina hayo 157 huchaguliwa kwa kura kutoka daftarini. Kuchukua mama waliowahi kufika asubuhi kunaharibu kazi yote, maana wanaokaa mbali wanaachwa.

Kisha yanakuja maswali. «Je, mtoto wako anakula vizuri?» Karibu kila mama atajibu ndiyo, na jibu hilo halipimi kitu. Afadhali kumuomba aeleze kila kitu alichokula mtoto jana, tangu alipoamka, mchana na usiku. Mama anasimulia, mwanafunzi anatia alama kwenye makundi manane ya OMS na UNICEF: maziwa ya mama, nafaka na mizizi, maharagi na karanga, maziwa mengine, nyama na samaki, mayai, mboga na matunda yenye vitamini A, mboga na matunda mengine. Mtoto anapaswa kufikisha angalau makundi matano.

Mtoto aliyenyonya, akala bukari na sombe, ana makundi matatu tu, hata kama alishiba. Unga kidogo wa ndakala uliotiwa kwa ajili ya ladha hauhesabiwi kuwa samaki. Kanuni hiyo iandikwe kwenye fomu. Bila hivyo waulizaji wawili watatoa majibu mawili kwa sahani moja.

Fomu hujaribiwa kwanza kwa mama kama kumi wa kituo kingine. Swali ambalo wote wamelijibu sawasawa, au wameomba lirudiwe, linaandikwa upya.

Hesabu ya 157 ina mpaka wake: inasema juu ya watoto walio katika daftari la kituo hicho peke yake. Watoto wa Kasulo ambao mama zao hawafiki CPS hawamo, na huenda ndio wanaokula vibaya zaidi. Kwa hiyo kichwa cha kazi kitaje kituo, kisiseme «watoto wa Kolwezi».