Kioo cheusi, mashine hai

Mama mwenye duka la steshenari alinishushia laptopu yake mezani kama mtu anayeleta maiti. "Mwanangu, imekufa hii. Kuna kijana kaniambia kioo kimeungua, mwingine anasema nipige Windows mpya. Na kazi za wateja wote zimo humo."

"Shikamoo mama. Jana uliiachaje?"

"Marahaba. Ilikuwa inaniambia nisubiri, inajisasisha. Nikaiacha, nikaenda kulala. Asubuhi nimewasha, nembo ikaja, halafu giza."

Maneno matatu ya mwisho yalinitosha kuanza kazi: nembo, halafu giza. Kioo kilichoungua hakionyeshi nembo. Kama picha imekuja hata kwa sekunde tano, basi taa ya kioo inawaka, kebo yake inapitisha picha na kadi ya picha iko hai. Kilichokatika kipo mbele zaidi, pale Windows inapomwita draiva, ile programu inayoijulisha Windows namna ya kuiendesha kadi ya picha. Mpaka dakika hiyo kompyuta huchora kwa njia ya msingi ambayo kadi karibu zote huielewa. Draiva akipokea usukani akiwa mbovu, picha hukatika palepale, lakini vitu vingine vyote huendelea kufanya kazi gizani.

Nilimwonyesha. Niliwasha, nembo ikaja, vidoti vikazunguka, kioo kikawa cheusi. Nikasubiri dakika moja, kisha nikabonyeza kitufe cha Caps Lock. Kitaa chake kikawaka. Nikabonyeza tena, kikazima. Mashine iliyoganda kabisa haiwezi kukujibu hivyo. Nikamulika kioo kwa tochi ya simu kwa upande, nikitazama kama kuna picha hafifu nyuma ya giza. Ingekuwepo, tungesema taa ya ndani ya kioo imekufa, na hiyo ingekuwa kazi ya bisibisi. Haikuwepo. Nikashika kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B, amri inayomwamsha draiva wa picha upya bila kuzima mashine. Ikalia mlio mfupi, kioo kikabaki vilevile. Amri hiyo mara nyingine humaliza tatizo, hasa kompyuta inapotoka usingizini, kwa hiyo ijaribu kwanza.

Kama ya kwako haionyeshi hata nembo, shida yako ni nyingine: huenda ramu imelegea, kebo ya monita imechomoka, au kwenye kompyuta ya mezani mtu amechomeka kebo kwenye tundu la mazabodi ilhali kadi ya picha ina tundu lake. Njia ninayoieleza hapa haitakusaidia. Inamfaa mwenye nembo na kisha giza.

Windows ina mlango wa nyuma, ila ukiwa gizani huoni pa kubonyeza. Ndiyo maana mlango huu hufunguka wenyewe kompyuta inaposhindwa kuwaka mfululizo. Unachofanya ni kuidanganya kwamba imeshindwa. Washa, na mara uonapo vile vidoti vinavyozunguka chini ya nembo, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 hivi hadi izime kabisa. Rudia mara ya pili. Ukiwasha mara ya tatu, usiiguse. Chini ya nembo yataandikwa maneno kwamba inaandaa matengenezo, Automatic Repair, na baada ya muda litatokea ukurasa wa buluu. Onyo moja tu: kama kioo bado kinaandika kwamba Windows inajisasisha, usikate umeme. Subiri, hata kama ni saa nzima.

Ukurasa ule wa buluu ulipotokea kwenye laptopu ya mama, nilimwambia apumue. Nao huchorwa kwa ile njia ya msingi, bila draiva aliyeharibika. Kuuona peke yake ni ushahidi kwamba hakuna cha kununua.

Kutoka hapo unachagua Advanced options, kisha Troubleshoot, kisha Advanced options kwa mara nyingine, kisha Startup Settings, halafu Restart. Huenda ukaombwa ufunguo wa BitLocker, tarakimu 48, kama diski yako imefungwa kwa usimbaji. Kompyuta nyingi mpya huja zimefungwa hivyo bila mwenyewe kujua. Ya mama haikuwa imefungwa. Mashine ikajizima na kuwaka, ikaleta orodha yenye namba 1 hadi 9. Mausi haifanyi kazi kwenye ukurasa huu. Unabonyeza namba yenyewe kwenye kibodi.

Namba mbili ndizo zinazotuhusu, na watu wengi huzichanganya kwa sababu zote mbili huleta picha kubwakubwa, isiyopendeza. Namba 3, low-resolution video, kwa maelezo ya Microsoft wenyewe, inamwacha draiva uleule kazini ila inampa mzigo mdogo: nukta chache na kasi ndogo ya kuchora. Namba 4, Safe Mode, yaani hali salama, inamweka draiva pembeni kabisa na kumtumia yule wa akiba anayekuja na Windows yenyewe, pamoja na kuacha programu nyingine nyingi zisiamke. Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kubonyeza ni moja. Je, kilichoharibika ni draiva, au ni mpangilio tu uliowekwa vibaya? Giza lililokuja baada ya sasisho linaelekeza kwenye draiva, na dawa yake ni 4. Giza lililokuja baada ya kubadili monita au kuchezea mipangilio ya picha linaelekeza kwenye 3.

Tukabonyeza 4. Baada ya dakika mbili hivi kioo kikaja: mandhari meusi, maneno Safe Mode kwenye pembe zote nne, alama za mafaili zimenenepa. Mama akaziona kazi za wateja wake palepale alipoziacha. Kabla ya kugusa kingine chochote tulichomeka flashi tukazinakili. Ifanye hatua hiyo hata ukiwa na haraka, maana hujui kama utaruhusiwa kuingia tena.

Kisha nikabonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, nikaandika:

```
devmgmt.msc
```

Linafunguka dirisha linaloorodhesha vifaa vyote vya kompyuta. Chini ya Display adapters ndipo ilipo kadi ya picha. Bonyeza jina lake mara mbili, nenda kwenye kichupo cha Driver, utafute kitufe cha Roll Back Driver. Kitufe hiki kinamwondoa draiva mpya na kumrudisha yule aliyekuwepo kabla yake. Kwa mama kilikuwa kimekolea, maana yake draiva wa zamani bado alikuwa amehifadhiwa. Nikabonyeza, nikachagua sababu mojawapo kati ya zile zilizoulizwa, nikaizima mashine na kuiwasha kawaida. Nembo, vidoti, kisha ukurasa wa kuingilia wenye picha yake ya siku zote. Tangu alipoketi hadi hapo ilikuwa haijafika nusu saa.

Kitufe hicho kikiwa kimefifia, hakuna draiva wa kurudi. Hapo unachagua Uninstall Device, na ukiona kijisanduku kinachouliza kama draiva afutwe pia, kitie alama. Usipokitia, Windows itamrudisha yuleyule mbovu kutoka stoo yake. Lakini kabla ya kuwasha upya, zima waifai au chomoa kebo ya intaneti. Nimeona mtu akifuta draiva vizuri, akawasha akiwa ameunganishwa, Windows ikamshusha draiva uleule mtandaoni, giza likarudi, naye akaamini kwamba njia nzima ni ya uongo. Ukishaona picha, mtafute draiva kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu yako, kwa jina kamili la toleo lake, na usitishe masasisho kwa wiki chache.

Namba 3 niliihitaji siku nyingine, kwenye ofisi ndogo ambako kijana alikuwa ameondoa monita pana akaweka ile ya zamani ya mraba, ya inchi 17. Monita za aina hiyo kwa kawaida huchora nukta 1280 kwa 1024. Kompyuta ilikuwa bado inatuma picha ya monita iliyoondoka. Nembo ilikuja, kisha kikatokea kisanduku kidogo kinachoelea: Out of Range. Maneno hayo huandikwa na monita yenyewe, si kompyuta, na maana yake ni kwamba picha inafika ila imezidi uwezo wangu. Kwa kawaida monita hujitambulisha kwa kompyuta kupitia kebo, lakini kebo ile ya VGA ilikuwa ya zamani na pini zake zingine zimekatika, kwa hiyo salamu hazikufika.

Tuliingia kwa namba 3. Picha ikaja ndogo mno kiasi kwamba madirisha hayakuenea. Vitufe vya chini vilikuwa nje ya kioo. Dirisha likikufanyia hivyo, shika Alt na kitufe kirefu cha nafasi, bonyeza M, kisha ulisogeze kwa vitufe vya mishale. Tukafungua Settings, System, Display, tukachagua nukta 1280 kwa 1024, na kwenye mipangilio ya ndani tukashusha kasi hadi hezi 60, ambayo monita karibu zote huimudu. Windows hukupa sekunde 15 za kuthibitisha. Usipobonyeza Keep changes inarudisha ya zamani, jambo jema, kwani ukikosea na kupoteza picha unachotakiwa kufanya ni kungoja.

Njia hii ina mipaka yake. Kama hata ndani ya hali salama kioo ni cheusi, au mistari na madoa yanaonekana tangu kwenye nembo, tatizo si la programu na hutalimaliza kwa kibodi. Chomeka monita au televisheni ya nje: picha ikiwa safi huko, kioo cha laptopu au kebo yake ndiyo mbovu, ikiwa na mistari ileile, kadi ya picha inaumwa. Na kama unaona giza lakini mshale wa mausi unatembea, draiva ni mzima. Jaribu kwanza Ctrl, Shift na Esc, kisha kupitia dirisha linalofunguka uendeshe explorer.exe.

Mama alipoondoka nilimwachia kazi moja, nami nakuachia wewe msomaji. Leo, kompyuta yako ikiwa inaona vizuri, angalia kama diski yake imefungwa kwa BitLocker. Ikiwa imefungwa, ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft, utafute ule ufunguo wa tarakimu 48, uuandike kwenye daftari na kuliweka mbali na kompyuta. Bila ufunguo huo, ukurasa wa buluu utakufungukia lakini kwenye mafaili yako hutafika.